Mcheduara mkubwa kabisa ndani ya koni na ndani ya tufe: pembetatu ipi inafanana na ipi?

*Shikamoo mwalimu. Nina koni ya nusukipenyo 6 sm na kimo 15 sm, natakiwa nipate mcheduara wenye ujazo mkubwa kuliko mingine yote inayoweza kukaa ndani yake. Nimetumia pembetatu zinazofanana, r/6 = h/15, nikapata r = 0.4h, lakini mwisho jibu linakuja h = 0. Nimerudia mara nne. Swali linalofuata ni la tufe la nusukipenyo 9 sm, na huko sioni hata hizo pembetatu zinazofanana ziko wapi.*

Marahaba. Kazi uliyoifanya baada ya kupata r = 0.4h haina kosa, na ndiyo maana kuirudia mara nne hakukukusaidia. Kosa limekaa nyuma yake, kwenye r/6 = h/15. Uwiano huo ni wa kweli, ila ni wa umbo jingine.

Angalia kwanza jinsi ambavyo ungeweza kulinasa kosa kabla ya kufika h = 0. Ukiweka r = 0.4h kwenye V = πr²h, unapata V = 0.16πh³. Sasa jaribu kimo kikubwa kabisa kinachowezekana, yaani h = 15. Ujazo unakuwa 540π. Koni yenyewe ina ujazo gani? Theluthi moja ya π × 36 × 15, sawa na 180π. Kwa hiyo mlinganyo wako unadai kwamba mcheduara uliomo ndani ya koni una ujazo mara tatu ya koni iliyoubeba. Hapo ndipo kalamu inapaswa kusimama.

Kuna kipimo kingine chepesi zaidi ambacho hakihitaji hata namba. Ukisoma r = 0.4h kwa maneno, inasema: mcheduara ukirefuka, unanenepa. Fikiria koni imesimama mezani, ncha juu, na mcheduara umesimama ndani yake kwenye kitako kilekile. Ukitaka mcheduara uwe mrefu, kichwa chake kinasogea kuelekea kwenye ncha, ambako koni ni nyembamba, kwa hiyo lazima wenyewe upungue unene. Kimo kikipanda, nusukipenyo kinashuka. Mlinganyo wowote unaosema kinyume cha hapo ni wa kutupa, hata kama umetokana na pembetatu zinazofanana kweli. Na h = 0 uliyoipata inasema ukweli kuhusu mlinganyo huo: 0.16πh³ inapanda tu tangu mwanzo hadi mwisho, na mahali pekee ambapo mteremko wake ni sifuri ni pale inapoanzia.

Nadhani najua uwiano huo umetoka wapi, kwa sababu nimeuona kwenye madaftari mengi. Kabla ya mada hii wanafunzi hufanya maswali ya tangi la umbo la koni lililosimama kwa ncha yake, maji yanaingia, unaulizwa kina kinapanda kwa kasi gani. Kule r/R = h/H ni sahihi kabisa, kwa sababu kina cha maji kinapimwa kuanzia kwenye ncha. Maji yenyewe ni koni ndogo ndani ya koni kubwa. Hapa h yako haianzii kwenye ncha. Inaanzia kwenye kitako na kuishia kwenye kichwa cha mcheduara. Herufi ni ileile, ila inapimwa kutoka upande mwingine.

Dawa yake ni kukata. Ukiwa jikoni chukua karoti nene, ichonge iwe koni, kisha ipasue wima kupitia kwenye ncha. Uso unaouona ni pembetatu. Kwenye swali lako pembetatu hiyo ina kitako cha 12 sm na kimo cha 15 sm, na mcheduara uliomo ndani yake, nao ukipasuliwa, unaonekana kama mstatili wenye upana 2r na kimo h. Nusu ya kushoto na nusu ya kulia ni sawa, basi chora nusu ya kulia tu: mstari wa wima wa mhimili, kitako cha 6, na ubavu wa koni unaoshuka kutoka kwenye ncha.

Sasa tazama pale juu ya mstatili. Kati ya kichwa cha mcheduara na ncha kuna pembetatu ndogo. Kitako chake ni r. Kimo chake ni kile kilichobaki baada ya mcheduara kuchukua h yake, yaani 15 − h. Kwa nini inafanana na ile kubwa? Kichwa cha mcheduara ni sambamba na kitako cha koni, pembe ya kwenye ncha ni ileile kwa zote mbili, na zote zina pembe mraba kwenye mhimili. Basi:

r / 6 = (15 − h) / 15

Ukipenda unaweza kutumia pembetatu nyingine, ile iliyobanwa pembeni kati ya mstatili na ubavu wa koni. Kitako chake ni 6 − r na kimo chake ni h, nayo pia inafanana na kubwa:

(6 − r) / h = 6 / 15

Mimi huwaambia wanafunzi waandike zote mbili siku za mwanzo, kwa sababu zote zinatoa jibu moja, na zisipokubaliana umejua kuna mahali umesoma mchoro vibaya. Zote mbili hapa zinatoa h = 15 − 2.5r. Ipime kwenye ncha zake mbili: r ikiwa 0, h ni 15, yaani mcheduara umekuwa uzi unaogusa ncha. r ikiwa 6, h ni 0, yaani umelala bapa kama sarafu isiyo na unene. Ndivyo inavyopaswa kuwa.

Tulichokifanya hapo ndicho kiini cha swali zima. V = πr²h ina herufi mbili zinazobadilika, na huwezi kutafuta kilele chake ukiwa na vigeu viwili vinavyotembea pamoja huku ukijifanya kimoja kimesimama. Nimeona mtu anaandika dV/dr = 2πrh = 0 moja kwa moja. Hapo ameichukulia h kuwa namba isiyobadilika, na ingekuwa hivyo kweli, mcheduara wa kimo kimoja ungezidi kunenepa hadi utoboe koni. Koni ndiyo inayozifunga r na h pamoja, na pembetatu zinazofanana ndizo zinazoliandika fungo hilo kwa hesabu. Kwa hiyo lazima fungo liingizwe kwanza, ndipo utafute dV/dr:

V = πr²(15 − 2.5r) = π(15r² − 2.5r³)

dV/dr = π(30r − 7.5r²) = 7.5πr(4 − r)

Hii ni sifuri pale r = 0 au r = 4. Ya kwanza ni ule uzi usio na ujazo. Inabaki r = 4 sm, na h = 15 − 10 = 5 sm. Ujazo ni π × 16 × 5 = 80π, karibu 251.3 sentimita za ujazo. Huhitaji kutafuta mnyumbuliko wa pili ili kujua kwamba hiki ni kilele na si bonde: kati ya r = 0 na r = 6 ujazo unaanza na sifuri, unaishia na sifuri, katikati ni chanya, na kuna mahali pamoja tu pa kugeukia. Lazima pawe kilele. Ukitaka kujiridhisha kwa namba, r = 3 inatoa 67.5π na r = 5 inatoa 62.5π. Zote ziko chini ya 80π.

Umeona nilibakiza r na kuiondoa h. Ungeweza kufanya kinyume, r = 6 − 0.4h, ukapata V = π(6 − 0.4h)²h. Jibu ni lilelile, lakini lazima ufungue mabano yenye mraba, kisha utatue mlinganyo wa kipeo cha pili unaotoa h = 5 na h = 15, halafu ukumbuke kuikataa 15 kwa sababu inaifanya r kuwa sifuri. Kwenye koni, herufi yenye mraba ndiyo ya kubakiza. Kwenye tufe itakuwa kinyume, nawe utaona kwa nini.

Kabla ya kuiacha koni, kuna jambo moja hapa ambalo bado linanifurahisha. r ni theluthi mbili ya 6, na h ni theluthi moja ya 15. Hiyo haikutokea kwa bahati ya namba zako. Kwa koni yoyote ya nusukipenyo R na kimo H, jibu ni r = 2R/3 na h = H/3, na mcheduara huo hubeba 4/9 ya ujazo wa koni. Koni yako: 80π juu ya 180π, ndiyo 4/9 hiyo. Iwe koni nyembamba kama msumari au pana kama ungo, haibadiliki. Sababu yake inaonekana bila kalkulasi yoyote. Andika ujazo wako hivi:

V = 1.25π × r × r × (12 − 2r)

Vitu vitatu vinavyozidishwa, r na r na 12 − 2r, vikijumlishwa vinatoa 12 daima, hata ukibadilisha r namna gani. Namba tatu chanya ambazo jumla yake haibadiliki hutoa zao kubwa kabisa zikiwa sawa. Basi r = 12 − 2r, na r = 4. Theluthi inatokana na zile namba tatu: nusukipenyo kinahesabiwa mara mbili, kimo mara moja. Tumia njia hii kukagua jibu lako kwenye mtihani, lakini swali likitaka dV/dr, andika dV/dr.

Twende kwenye tufe. Hapo walimu wengi huandika Pithagorasi moja kwa moja na kuendelea, na ndiyo maana huoni pembetatu zinazofanana. Zipo, ila inabidi uzichore.

Kata tufe wima kupitia katikati yake. Unapata duara la nusukipenyo 9 na mstatili ndani yake, upana 2r, kimo h, pembe zake nne zikigusa duara. Katikati ya mstatili ndiko katikati ya duara. Chora kipenyo cha wima, ncha yake ya juu iite P na ya chini iite Q. Urefu wake ni 18. Pembe ya mstatili ya juu kulia iite A. Unganisha A na P, kisha A na Q. Kwa kuwa PQ ni kipenyo na A iko kwenye duara, pembe ya A katika pembetatu PAQ ni pembe mraba. Sasa kutoka A chora mstari wa mlalo hadi kwenye kipenyo, uguse mahali tutakapopaita M. Mstari huo ni nusu ya upana wa mstatili, yaani r. M iko juu ya katikati kwa nusu ya kimo, h/2. Kwa hiyo PM = 9 − h/2 na MQ = 9 + h/2.

Mstari AM umeigawa pembetatu kubwa kuwa mbili ndogo, PMA na AMQ, na hizo ndizo ulizokuwa unazitafuta. Katika pembetatu kubwa, pembe za P na Q zinajumlika nyuzi 90. Katika AMQ, pembe za A na Q nazo zinajumlika nyuzi 90. Kwa hiyo pembe ya P kwenye pembetatu ya juu ni sawa na pembe ya A kwenye ile ya chini, na zote zina pembe mraba pale M. Zinafanana:

(9 − h/2) / r = r / (9 + h/2)

Zidisha kwa kukingama: r² = 81 − h²/4. Ukichora pia mstari kutoka katikati ya duara hadi A, wenye urefu 9, Pithagorasi atakupa kitu kilekile: r² + (h/2)² = 81. Sikushauri uzunguke njia ndefu kwenye mtihani. Nimeichora ili ujue kwamba koni na tufe si maswali mawili yenye mbinu mbili. Katika yote unatafuta mahali ambapo pembe ya mstatili inaugusa ukuta, kisha unaandika ukuta huo unailazimisha r na h zihusiane vipi. Ukuta wa koni umenyooka, ndiyo maana uhusiano ulikuwa wa mstari ulionyooka. Wa tufe umepinda, kwa hiyo mraba umeingia.

Sasa angalia tulichopewa: r² peke yake. Na V inahitaji r² hasa, si r. Kwa hiyo safari hii tunaiondoa r na kubakiza h:

V = π(81 − h²/4)h = π(81h − h³/4)

dV/dh = π(81 − 3h²/4)

Ikiwa sifuri, h² = 108, h = 6√3, karibu 10.39 sm. Kisha r² = 81 − 27 = 54, r karibu 7.35 sm. Ujazo ni π × 54 × 6√3, karibu 1763 sentimita za ujazo. Tufe zima ni 972π, karibu 3054, basi mcheduara umechukua karibu asilimia 58 yake. Kama ungeng'ang'ania kubakiza r, ungelazimika kuandika h = 2√(81 − r²) na kuhangaika na kipeuo cha pili hadi mwisho. Jibu lingefika, ila ukiwa umechoka, na mchovu hukosea alama.

Kosa kubwa la tufe ni ile nusu. Mtu anaandika r² + h² = 81, akisahau kwamba kutoka katikati hadi kichwa cha mcheduara ni h/2, si h. Ubaya wa kosa hili ni kwamba halileti upuuzi kama h = 0 yako. Linatoa r ileile, 7.35, na h = 5.20, namba zinazovutia kabisa, na ujazo ambao ni nusu ya ule sahihi. Utalijuaje? Rudisha jibu kwenye mchoro. Kimo kikiwa 5.20, nusu yake ni 2.60, na umbali kutoka katikati hadi kwenye ukingo wa mcheduara ni √(54 + 6.75), karibu 7.79. Tufe lina nusukipenyo 9. Mcheduara huo hauligusi tufe popote. Unaelea ndani, una nafasi ya kukua. Ulio mkubwa kabisa lazima kingo zake zote mbili ziguse ukuta, la sivyo ungeurefusha kidogo na kupata ujazo zaidi. Kwenye koni kipimo kinachofanana na hicho ni kuweka r = 4 na h = 5 kwenye ile pembetatu ya pembeni: (6 − 4)/5 ni 0.4, na 6/15 ni 0.4. Umegusa.

Kwenye koni swali linachukulia jambo moja ambalo mara nyingi haliandikwi: mcheduara umesimama kwenye kitako na mhimili wake ni mhimili wa koni. Andika sentensi moja mwanzoni mwa jibu lako ukilitaja, ndipo mchoro wako uwe na haki ya kuwa na nusu mbili zilizo sawa.

Swali la tufe ni la zamani kuliko dV/dr. Johannes Kepler alilifanyia kazi katika kitabu alichochapisha Linz mwaka 1615 kuhusu mapipa ya mvinyo, kabla Newton na Leibniz hawajazaliwa. Wauzaji walipima pipa kwa kuingiza fimbo kwenye tundu la katikati ya ubavu, ikashuka kimshazari hadi pembe ya mbali ya kifuniko, na bei ikafuata urefu uliolowa. Ukilichukulia pipa kama mcheduara wa kipenyo D na urefu h, fimbo ya urefu d inatoa d² = D² + (h/2)². Linganisha na r² + (h/2)² = 81. Ni mlinganyo uleule, D ikikaa mahali pa r na d mahali pa 9. Kepler aliona pia kwamba karibu na umbo lililo bora, ukikosea kidogo vipimo vya pipa, ujazo haupungui karibu chochote.

Jaribu hilo kwenye koni yako. Weka r = 3.9 badala ya 4: h inakuwa 5.25 na ujazo 250.9. Weka r = 4.1: h ni 4.75 na ujazo 250.8. Umekosea milimita nzima upande wowote, na umepoteza chini ya nusu ya sentimita moja ya ujazo kati ya 251.3. Hiyo ndiyo maana ya dV/dr kuwa sifuri pale r = 4. Sasa fanya vivyo hivyo na r = 1.9, 2 na 2.1, ambako mteremko si sifuri, uone ujazo unavyoruka.